Mbwa Ndiye Hukimbia, Sio Kizimba

Kuna wasee mtandaoni wanauza "siri" ya mbio za mbwa za Uingereza: beti kizimba nambari 1 kila siku, ati kiko karibu na reli ya ndani. Huo ni uongo wa kuwauzia watu wavivu, na unakula doo za vijana. (Kama hujafika 18, soma tu, usibeti.)

Mbwa ni sita. Bila upendeleo wowote, kila kizimba kingeshinda mbio 16 au 17 katika 100. Ukiona kimoja kimeshinda 20, hiyo bado inaweza kuwa bahati tu. Halafu vizimba havigawanywi ovyo. Meneja wa mbio huwaweka ndani mbwa wanaopenda reli, na nje wale wanaokimbia kwa upana, wenye alama ya W kwenye kadi. Pia huwapanga kwa gredi: A1 ndio wakali, na nambari ikipanda kasi inashuka. Mshindi kwa kawaida hupandishwa, anayeshindwa mara kwa mara hushushwa. Kazi yake ni kuwasawazisha, so usitarajie kizimba peke yake kikulipe.

Sasa tazama mfano huu niliounda, gredi A5. Mbwa wa 1 ana odi 2.50. Lakini kwenye rekodi yake kuna SAw mara tatu katika mbio tano, yaani anachelewa kutoka. Jirani yake wa 2 ana EP na Rls: anawahi, na anapenda reli. Atamkatia huyo wa 1 njia kabla ya kona ya kwanza. Wa 5 anakimbia katikati, kwa hivyo atasogea ndani na kumwachia wa 6 nafasi. Huyo wa 6 ni W, ametoka A4 juzi, na mbio zake mbili za mwisho zimeandikwa Crd1: alibanwa kona ya kwanza. Hakushushwa kwa sababu amezeeka miguu, alizibiwa njia. Odi yake ni 7.00.

Odi 7.00 inataka ashinde mara moja kwa saba. Mimi nampa moja kwa tano, yaani bei halali ni 5.00. Hapo ndipo kuna thamani. Kama odi ingekuwa 4.50, ningemwacha hata kama naamini atashinda.

Na bado, mbwa wa moja kwa tano hupoteza mara nne kwa tano. Kupoteza kumi mfululizo kunaweza kutokea karibu mara moja katika kila mikimbio kumi ya aina hiyo. Anayekwambia ni "sure" hajawahi kupiga hesabu hii, ama ameipiga na anakuficha.

Wale mbwa wa katuni kwenye skrini za duka la kubeti nao, hawana kona wala SAw. Mashine ndiyo huchagua mshindi, kwa hivyo hakuna rekodi ya kusoma pale.