Kabla ya Rangi, Muulize Kogo

Ndugu zangu wa Langas, Kapsoya, Huruma na kwingineko hapa Eldoret, nawaletea ombi, na ombi langu lina kisa.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wakalenjin tunamwita Kogo, ana picha moja tu ya ujana wake. Alipigwa picha hiyo mwaka 1966, akiwa msichana, na kwa miaka mingi ilining'inia sebuleni mkabala na mlango. Kila asubuhi jua liliingia na kuilamba. Nilipoishusha, uso ulikuwa umegeuka manjano hafifu na sikio la kushoto lilikuwa kivuli tu. Ndivyo zinavyokufa picha za zamani za nyeusi na nyeupe: sehemu zilizong'aa hupoteza alama zake kwanza, zikiwemo zile za usoni.

Niliipeleka kwa mchoraji ili amfanyie Kogo zawadi. Mchoraji alifanya kazi kwa uangalifu. Hakuigusa ile ya asili. Aliipiga picha, akatoa nakala, akachora juu ya nakala hiyo miraba ya sentimita moja moja. Picha ilikuwa sentimita 9 kwa 14, na kitambaa cha kuchorea 45 kwa 70, hivyo kila mraba mdogo ukawa mraba wa sentimita 5. Sikio lisilofika hata sentimita moja likawa kubwa kama kidole gumba. Na hapo ndipo shida ilipojificha, kwa kuwa ukikuza picha unakuza pia yale isiyoyaonyesha, na pengo hilo lazima mtu alijaze. Mchoraji alilijaza kwa sikio la kawaida, dogo, zuri. Gauni akalipaka buluu.

Siku ya kumwonyesha, Kogo alivaa miwani, akaitazama kazi ile kimya. Tulidhani ni furaha. Kisha akauliza, "Huyu ni binti wa nani?"

"Ni wewe, Kogo."

"Uso ni wangu. Masikio si yangu."

Akalishika sikio lake, pale penye kovu ambalo sisi wajukuu tulizoea kuliona bila kuliuliza. Akatueleza kwamba msichana wa 1966 alikuwa na ndewe ndefu, zilizotogwa na kupanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya kupigwa picha alizikunja juu ya sikio, kwa sababu mwenye studio alimwambia zinaning'inia vibaya. Kile kivuli mchoraji alichokilainisha kilikuwa ndewe iliyokunjwa. Miaka ya baadaye alishonwa hospitalini. "Na gauni," akaongeza, "lilikuwa la njano. Nililiazima kwa dada yangu, na nililirudisha jioni ileile."

Mchoraji hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye akiwa na kalamu ya risasi, akachora sikio mara tatu hadi Kogo akatikisa kichwa kukubali. Kwa bahati alikuwa ametumia rangi ya akriliki, ambayo hukauka upesi na kukubali kupakwa tena juu yake. Safari hii Kogo aliomba ndewe zisikunjwe. Ziachwe zining'inie.

Basi ombi langu ni hili. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya aina hii na mwenyewe yu hai, ishusheni wiki hii. Kama imegandamana na kioo, msiibandue, maana uso utabaki kwenye kioo; ipigeni picha ikiwa papo hapo. Ili kuipiga picha kwa simu, iwekeni karibu na dirisha, penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Zimeni mmweko wa simu na muishike simu sambamba na picha ili uso usivutike upande mmoja. Msiipeleke kupigwa plastiki ya moto. Ikishaingia humo haitoki tena salama. Jina na mwaka msiviandike kwa kalamu ya wino mgongoni mwa picha, kwa kuwa wino hupenya hadi upande wa pili. Viandikeni kwenye bahasha, halafu ndipo muitie picha ndani na kuiweka mbali na jua na moshi wa jikoni.

Halafu kaeni na mwenyewe kabla ya kumlipa mchoraji yeyote. Anzeni na rangi, kwa kuwa picha ya nyeusi na nyeupe haiwezi kutofautisha njano iliyokolea na buluu hafifu. Endeleeni na kila kivuli msichokielewa. Mchoro wa kwanza wa kalamu ya risasi uletwe kwake, aukosoe wakati kosa bado linafutika.

Sasa mchoro wa Kogo umetundikwa ukuta wa ndani, jua lisikofika. Wageni husifu gauni la njano. Yeye huwaonyesha masikio.