Fuvu Si Tusi

Wapo waandishi wenzangu wanaojivunia kutosoma emoji. "Mimi nasoma maneno," wanasema, kana kwamba ni cheo. Nawajibu wazi: kwenye mtandao, asiyesoma emoji hata maneno hajayasoma.

Mwaka jana kijana jirani yangu hapa Moshono aliweka mtandaoni hadithi yake ya Kiingereza. Kesho yake akaja kwangu na simu mkononi, uso umemsawajika. Dada mmoja wa Nigeria alikuwa ameandika, kwa Kiingereza: nimekufa, nani kamruhusu huyu mtu aandike hivi, akamatwe 💀😭. Msomaji mwingine aliandika: mwandishi ni jasiri kweli kuchapisha kitu kama hiki 🙂.

Alikuwa keshawajibu wote wawili. Wa kwanza alimporomoshea maneno makali. Wa pili alimshukuru na kumwombea baraka.

Jamani, aligeuza kila kitu.

Siku hizi vijana wanaoandika Kiingereza mtandaoni huweka fuvu kusema kicheko kimewaua, na kilio kusema wamezidiwa, iwe kwa kucheka au kwa utamu. Ile 😂 ambayo Oxford waliitangaza neno la mwaka 2015, wengi wao sasa wanaiona ya wazee. Na hilo "akamatwe" lisitutishe. Sisi wenyewe si tunasema "jamaa kaua", "huyu mtu hatari"? Mgeni akikimbilia polisi tutamcheka.

Wa kuogopwa ni huyo wa pili. Sentensi yake haina neno baya hata moja, lakini pia haitaji kitu chochote kilichomo kwenye hadithi. Anasifu ujasiri wa kuchapisha, hasifu kilichochapishwa. Halafu anamalizia na kitabasamu cha mdomo uliofumbwa, baada ya sifa kubwa namna ile. Sifa imewaka moto, uso umepoa: hapo ndipo kejeli inapokaa.

Hata hivyo emoji peke yake haithibitishi kitu. Mama yangu hunitumia 🙂 kwa upendo mtupu. Kwa hiyo tulifungua kurasa zao tukasoma posti za nyuma. Yule dada huwawekea fuvu waandishi anaowapenda, tena chini ya hadithi ya kijana alikuwa amenakili sentensi ya mwisho nzima. Yule mwingine, kila alipomponda mtu, alifunga na kitabasamu kilekile.

Kazi hii ilichukua dakika kumi, na si ngeni kwetu. Maneno ya kanga ni yaleyale dukani na mwilini, ila kijembe hukijui mpaka uangalie nani kaivaa, siku gani, na amepita mbele ya mlango wa nani. Watu waliolelewa na kanga wanapataje kusema wanasoma maneno tu?

Kijana aliomba radhi. Dada hakujibu, wala hakuonekana tena kwenye ukurasa wake. Alikuwa msomaji wake wa kwanza nje ya nchi.