Majina Matatu, Mdaiwa Mmoja

Jumamosi moja nilikuwa nimeshafunga kompyuta pale kituo cha jamii, San Diego, alipoingia mama mmoja na bahasha kubwa kaikunja mara mbili ndani ya mkoba. Nitamwita Bi Mwanaisha, na majina yote nitakayoyaandika hapa nimeyabadilisha. Mimi si wakili. Kazi yangu pale ni kuwasomea watu barua wasizozielewa na kuwaelekeza pa kwenda, na kwa miaka niliyokaa nimeziona samansi za kutosha.

Akaitandaza karatasi mezani. "Mwanangu, nisomee hapa. Hawa ni watu watatu wameshtakiwa, au ni mimi peke yangu? Na hii aka si ndiyo wanayoandikiwa majambazi kwenye televisheni?"

Palipokuwa na jina la mdaiwa paliandikwa hivi: MWANAISHA OMAR BAKARI, aka MWANAISHA OMAR, aka AISHA O. BAKARI. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, DOES 1 hadi 10. Mdai ilikuwa kampuni inayonunua madeni ya watu kutoka kwenye mabenki, ikidai dola 4,180.

Nianze na hofu yake, maana ndiyo inayowafanya watu wengi waifiche bahasha chini ya godoro. Herufi hizo maana yake ni "anayejulikana pia kama", basi. Waliozoea kusoma hukumu za Tanzania wameliona jambo hilo hilo kwa alama ya @ katikati ya majina mawili, na huko mara nyingi ni kesi za jinai, ndiyo maana mtu akiliona moyo humwenda mbio. Kwenye kesi ya deni halimtuhumu mtu kwa lolote. Anayedai hutaja majina mengi kwa sababu hukumu humfaa tu pale jina lililo ndani yake linapokutana na jina lililo kwenye akaunti ya benki, kwenye mshahara au kwenye hati ya nyumba. Ni wavu, na kila aka ni tundu moja zaidi la wavu.

Na sisi wavu huo tunaushona wenyewe. Paspoti ya Bi Mwanaisha ina jina lake, la baba yake na la babu yake. Fomu za Marekani zina visanduku vya jina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa hiyo babu akawa ukoo. Alipofungua laini ya simu alitaja majina mawili kama anavyojitaja siku zote, na kwenye vitabu vya kampuni ya simu baba yake ndiye akawa ukoo. Tayari ni watu wawili kwa macho ya mashine, na hata hajaolewa tena. (Jina analojulikana nalo zaidi mtaani ni Mama Zubeda, na kwa bahati njema bado hakuna aliyemshtaki kwa hilo.)

Kuhusu DOES, hao si ndugu zake. Kalifonia inamruhusu mdai kuacha nafasi za watu asiowajua bado, akawapa jina la bandia la Doe na namba, kisha akimpata mtu wa kweli amweke kwenye nafasi mojawapo. Ndiyo maana chini ya ile fomu ya samansi, SUM-100, pana visanduku vinavyosema umekabidhiwa karatasi hii kama nani. Kisanduku cha kwanza ni cha mdaiwa mwenyewe aliyetajwa. Cha pili ni cha mtu aliyeingizwa kwa jina la bandia. Ukipokea samansi isiyokuwa na jina lako popote juu, usifurahi haraka, tazama kwanza kama kisanduku cha pili kimetiwa alama na jina lako likaandikwa karibu na la Doe fulani. Cha Bi Mwanaisha kilikuwa cha kwanza.

Tukarudi kwenye yale majina matatu. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie, kwa sababu pana mambo mawili yanayofanana sana kwa nje na yana mwisho tofauti kabisa. La kwanza ni jina lililokosewa. Wameandika Omari badala ya Omar, au wamempachika babu pasipo pake, lakini mtu wanayemtaka ni wewe na deni ni lako. Kosa hilo halikuokoi. Nimewahi kumsikia kijana akisema ataitupa samansi kwa kuwa jina lake limekosewa herufi moja. Mahakama humruhusu mdai kurekebisha herufi, na kesi ikaendelea kama kawaida. La pili ni jina la mtu mwingine kabisa lililounganishwa na lako. Hapo kuna la kupigania, lakini linapiganiwa mahakamani, ndani ya siku zilizotajwa. Kukaa kimya hakumwambii hakimu kwamba wewe siye.

Nikamuuliza, "Mama, umewahi kuitwa Aisha O. Bakari mahali popote? Kazini, hospitali, dukani?"

"Aisha ni jina la dada yangu, na yuko Mombasa. Marekani hii hajaikanyaga."

Basi tukaacha samansi tukafungua hati ya madai iliyofungwa nyuma yake, kurasa ambazo alikuwa hajazigusa. Kalifonia ina sheria inayozibana kampuni zinazonunua madeni yaliyouzwa tangu mwanzoni mwa 2014. Kampuni ikishtaki, lazima hati ya madai itaje benki iliyokuwa na deni mwanzo, tarehe mtu alipoacha kulipa, na jina na anwani ya mwisho ya mdaiwa kama vilivyokuwa kwenye vitabu vya benki ile kabla deni halijauzwa. Kwangu mimi hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu kinakuonyesha jina moja tu, lile alilotumia mkopaji mwenyewe, kabla kampuni haijaanza kuongeza aka zake.

Kwenye ukurasa wa tatu tukalikuta. Jina: Aisha O. Bakari. Anwani: nyumba moja huko Fresno. Akaunti ilifunguliwa mwaka 2013. Bi Mwanaisha aliingia Marekani mwaka 2017 na tangu siku hiyo hajaishi nje ya San Diego. Namba nne za mwisho za akaunti hazikulingana na kadi yoyote aliyowahi kuwa nayo. Kwa maneno mengine, mkopaji wa kweli alikuwa amewekwa mwisho kama jina lake la ziada, na yeye akawekwa mbele kama mwenye deni. Namna hii hutokea pale anayetafuta mdaiwa anapopita kwenye orodha za majina na anwani na kuridhika na yanayokaribiana. Kwa asiyejua majina yetu, Aisha ni kifupi cha Mwanaisha, na akina Bakari wote ni ukoo mmoja.

Alikuwa amekabidhiwa samansi mkononi siku 19 kabla. Kalifonia inatoa siku 30 za kalenda kuwasilisha majibu ya maandishi, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Aliye Minesota au Ohayo asizichukue siku hizi za kwetu, asome zilizo kwenye samansi yake. Nikampeleka kwenye kituo cha msaada cha mahakama, ambako huduma haina malipo, na wao wakamsaidia kujaza majibu kwenye fomu PLD-C-010, pamoja na FW-001 ya kuomba asilipishwe ada kwa kuwa kipato chake ni kidogo.

Jambo moja kwenye majibu yale watu hulikosea mara kwa mara. Palipo na jina la mdaiwa, baadhi huyanakili yale majina yote matatu kama yalivyo kwenye samansi ili karatasi zifanane. Ukifanya hivyo unaweza kuonekana umekubali kwa mkono wako kwamba yote ni yako. Bi Mwanaisha aliandika jina lake la paspoti peke yake, kisha maneno ya kusema kwamba humu ameshtakiwa kwa majina kadha wa kadha. Ndani akakana deni, na kwa sentensi mbili zaidi akaeleza: Mwanaisha Omar ni yeye, Aisha O. Bakari siye, hajawahi kulitumia jina hilo wala kuishi kwenye anwani iliyotajwa. Nadhani kukubali lile jina la pili kulimsaidia. Anayekana kila kitu, hata jina lililo kwenye bili yake ya simu, huaminiwa kidogo anapofika kwenye lile la kweli.

Aliniuliza ingekuwaje kama asingejibu. Mdai angeomba hukumu ya upande mmoja, na majina matatu yangeingia kwenye hukumu yakiwa yameshikana. Hukumu ya fedha Kalifonia hudumu miaka 10, na mdai akisajili muhtasari wake kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti, nyumba yoyote ya mdaiwa katika kaunti hiyo huwa imeshikwa. Siku anapotaka kununua au kuuza, msaka-hati anaandika majina yake kwenye mashine na hukumu inachomoza. Kuna njia ya kuomba hukumu ya namna hiyo ifutwe, kwa kawaida ndani ya miezi 6 kama ni kwa kosa au kutoelewa, lakini ni ngumu kuliko kujibu ndani ya siku 30.

Tena msidhani kwamba hukumu yenye jina moja imefungwa hapo. Mdai aliyeshinda anaweza baadaye kuandika hati ya kiapo cha utambulisho, akaipeleka pamoja na ombi la hati ya kukazia hukumu, na kuongeza majina mengine ambayo mdaiwa anajulikana nayo. Lazima aeleze ni mambo gani yaliyomfanya aamini kwamba ni mtu yule yule, na haruhusiwi kuingiza mtu mwingine kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtu akiona mshahara umekatwa kwa hukumu asiyoijua, karatasi ya kwanza ya kuiomba mahakamani ni hukumu yenyewe, na ya pili ni kiapo hicho, kama kipo. Akizilinganisha ataona jina lake liliingia lini na kwa sababu gani.

Kampuni haikufika mbali. Baada ya wiki kadhaa Bi Mwanaisha aliletewa nakala ya ombi la kuiondoa kesi. Nilimwonyesha kisanduku kilichotiwa alama: kesi imeondolewa kwa namna inayoacha mlango wa kuifungua tena. Alitaka kuichana kwa furaha, nikamzuia. Sasa nakala yenye muhuri wa mahakama iko kwenye bahasha ya paspoti, pamoja na ule ukurasa wa tatu wenye anwani ya Fresno, na Zubeda amempeleka dukani kubadilisha jina kwenye laini ya simu ili babu naye awemo.