Tarehe Kwenye Bili Si Lazima Iwe Tarehe Yako

Kuna malalamiko ambayo huwa tunayapokea kwa maneno karibu yaleyale: "Imeili ilisema nitakatwa tarehe 14. Tarehe 14 ikapita, sikukatwa. Asubuhi ya 15 naamka, pesa imeenda." Mteja anaamini ama sisi tumekosea, ama aliyemuuzia huduma ni mjanja. Mara nyingi hakuna kati yetu aliyekosea hesabu. Kilichotokea ni kwamba tarehe iliandikwa kwa saa za nchi nyingine, na hakuna aliyemwambia.

Hebu tuchukue mfano. Dada mmoja wa Nakuru anayechora mabango anajiunga na apu ya michoro ya kampuni ya California. Analipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yake ya pesa kwa simu. Ni usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Juni 2026, saa saba na nusu usiku. Meseji yetu inaingia ikisema 15/6/26, 1:30 AM. Risiti ya wauzaji nayo inaingia kwenye imeili ikisema hivi:

```
Date paid: June 14, 2026
Next billing date: July 14, 2026
```

Zote mbili ni za kweli. Kenya iko saa 3 mbele ya saa za kimataifa, zile zinazoandikwa UTC. Kwa hiyo ilipokuwa saa saba na nusu usiku Nakuru, saa za UTC zilikuwa saa nne na nusu usiku wa Jumapili tarehe 14. California mwezi Juni iko saa 10 nyuma yetu, kwa hiyo huko ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, Jumapili hiyohiyo. Sisi tulikuwa tumeshaingia siku mpya, wao bado.

Mwezi unaofuata dada huyu hataki kuendelea. Anakumbuka tarehe 14 Julai. Siku hiyo yuko mbioni na kazi, na jioni anaangalia salio: hakuna kilichokatwa. Anajiambia labda wamesahau, atasitisha kesho mchana akipata nafasi. Usiku huohuo, saa saba na nusu, shilingi 1,500 zinakatwa. Kwa California bado ni tarehe 14, kama walivyosema. Kwake ni tarehe 15, na pesa hiyo ilikuwa ya tokeni za stima.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ina neno la jambo hili. Tukisema "usiku wa kuamkia tarehe 15" kila mtu anajua ni usiku upi, na kwamba unapakana na siku mbili. Bili haina adabu hiyo. Inasema "14" na kunyamaza.

Sasa, tarehe ya kweli utaipataje? Iko ndani ya imeili ya risiti, lakini lazima ujue kwamba imeili moja ina saa za aina mbili. Tarehe na saa unayoiona juu, kando ya jina la aliyetuma, hugeuzwa na simu yako kuwa saa za Kenya. Tarehe iliyo ndani ya risiti haigeuzwi, inabaki vile muuzaji alivyoiandika. Kwa hiyo fungua risiti ya kwanza uliyotumiwa ulipojiunga na uzilinganishe. Juu ikisema Jun 15, 1:30 AM na ndani ikisema June 14, umeshajua: muuzaji huyu hahesabu kwa saa zetu, na "tarehe 14" yake inaweza kukufikia usiku wa kuamkia 15.

Ukitaka uhakika zaidi na unatumia Gmail kwenye kompyuta, fungua imeili hiyo, bonyeza nukta tatu, kisha uchague Show original. Tafuta mstari unaofanana na huu:

```
Date: Sun, 14 Jun 2026 15:30:08 -0700
```

Hiyo -0700 inamaanisha saa 7 nyuma ya UTC. Ongeza 3 zetu, unapata 10. Saa 15:30 ukijumlisha 10 ni 25:30, yaani saa saba na nusu usiku wa siku inayofuata. Kuwa mwangalifu na jambo moja: mstari huu unaonyesha saa imeili ilipotumwa. Risiti nyingi hutumwa mara tu malipo yanapopita, lakini si zote, kwa hiyo ilinganishe na meseji yetu ya muamala.

Tatizo huwa kubwa zaidi mwisho wa mwezi. Ukijiunga saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwa UTC bado ni tarehe 30 Juni. Mfumo utapanga kukukata tarehe 30 Julai, saa hiyohiyo. Kwa saa zetu hiyo ni usiku wa kuamkia 31 Julai. Wewe ulikuwa unangoja tarehe 1 Agosti, mshahara ukiwa umeingia. Hapa siku moja haionekani tu kupotea, imepotea kweli.

Pia si kila kampuni hukata kwa saa ileile uliyojiunga. Nyingine hukusanya bili zote za tarehe fulani na kuanza kuzikata siku inapoanza kwa saa zao. Usiku wa manane wa UTC ni saa tisa usiku kwetu. Kwa hiyo "tarehe 14" inaweza kuanza kabla hujaamka tarehe 14, na inaweza kuendelea hadi asubuhi ya 15.

Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: usijaribu kukisia saa. Ukiona tarehe mbili, ile ya mapema ndiyo ya kufanyia kazi. Kama unataka kusitisha, sitisha siku moja kabla yake. Kwa mfano wetu, tarehe 13 Julai. Apple, kwa mfano, huwashauri wateja walio kwenye kipindi cha majaribio wasitishe angalau saa 24 kabla hakijaisha. Huduma nyingi za kulipia zitakuacha uendelee hadi kipindi ulicholipia kiishe, ila baadhi za majaribio hufunga papo hapo, kwa hiyo hifadhi kazi zako kwanza. Na kama unataka kuendelea, pesa iwepo kuanzia jioni ya 13, na iachwe hapo hadi 15.

Lakini hatutaki kumbebesha mteja mzigo wote. Muuzaji anayeandika tarehe bila saa wala ukanda wake ametoa nusu ya habari. Kuongeza "22:30 UTC" ni herufi chache tu. Hata sisi tuna deni hapo: meseji yetu inakupa saa ya Kenya, ila haikwambii kwamba risiti ya muuzaji inaweza kusoma siku nyingine.

Ukishakatwa tayari, wasiliana na muuzaji siku hiyohiyo. Mtumie risiti ya kwanza, meseji yetu yenye nambari ya muamala, na umweleze tofauti ya saa. Halazimiki kurudisha, kwa sababu kwa kalenda yake hakuvunja ahadi. Ila ombi lenye saa mbili zilizowekwa bega kwa bega ni gumu kulikataa kuliko "mmenikata mapema."