Kamina: Mkalimani wa viziwi apewe karatasi iliyoandikwa kwa ajili yake

Kila mara kolera inaporudi katika Haut-Lomami, tangazo linaandikwa upesi, linasomwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili na Kiluba. Siku hizi inaombwa pia kwamba mkalimani wa lugha ya alama asimame kando ya msomaji. Ni jambo la haki. Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inawalinda watu hao nchini. Lakini kumsimamisha mkalimani mbele ya watu na kumwachia karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya redio ni kufanya nusu ya kazi. Nusu inayobaki iko mikononi mwa yule anayeandika.

Tuchukue mfano wa tangazo ambalo kila mkaaji wa Kamina ataona kwamba linafanana na yale aliyozoea kusikia: «Kufuatia kuripotiwa kwa visa vya kolera huko Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, wakaaji wanaombwa kuchukua tahadhari zote, hasa kutokunywa maji ambayo hayajachemshwa wala kutiwa dawa, na kumfikisha mgonjwa kituoni pindi dalili zinapoonekana.»

Sikio linalipokea vizuri. Mikono inateseka. Kwanza, ni sentensi moja yenye mambo manne, na mkalimani hufanya kazi sekunde chache nyuma ya msomaji. Anapaswa kushika kichwani kile anachosikia sasa huku mikono ikimaliza kile alichosikia kabla. Sentensi isipokatika, atalazimika kuacha kitu, na hakuna atakayejua ameacha kitu gani.

Pili, yako majina. Jina la mahali ambalo halina alama yake linaandikwa herufi kwa herufi kwa vidole. Bukama ni herufi 6, Kinkondja ni 9, Malemba-Nkulu ni 12. Jumla 27, wakati msomaji ameyatamka yote matatu kwa pumzi moja. Mkalimani akiwa bado kwenye «Nkulu», msomaji amekwisha kufika kwenye maji, na maji ndiyo habari yenyewe.

Tatu, «kutokunywa maji ambayo hayajachemshwa wala kutiwa dawa» ni makatazo yaliyopangwa moja juu ya lingine. Katika lugha ya alama, kukataa huonyeshwa kwa kichwa na uso pamoja na mkono. Makatazo matatu yakifuatana, mtazamaji anaweza kubaki na hili tu: maji, kuchemsha, dawa, hapana. Hapo ujumbe umegeuka kinyume.

Nne, «tahadhari zote» na «dalili» hazionyeshi kitu. Alama ni ya macho. Mkalimani atauliza moyoni: dalili zipi? Kuhara? Kutapika? Homa? Asipoambiwa atabuni, na kazi yake siyo kubuni.

Basi karatasi hiyo iandikwe hivi, na mkwaju uwe mahali pa kunyamaza:

«Kolera imeingia. / Iko Bukama. / Iko Kinkondja. / Iko Malemba-Nkulu. / Maji ya mto, maji ya kisima: yachemshe kwanza, au tia dawa ya maji. / Kisha kunywa. / Mtu akianza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, mara nyingi: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. / Njiani, mnyweshe maji ya sukari na chumvi.»

Habari haikupungua, iliongezeka. Kitu kinatajwa kwanza, halafu kinachofanywa juu yake. Kazi zinafuatana kama zinavyofanyika nyumbani: kuchemsha, kisha kunywa. Sharti, «mtu akianza», linatangulia tokeo lake, kwa sababu mkalimani anaonyesha sharti kwa kuinua nyusi kabla ya kuingia katika agizo. Sharti likija mwishoni, atakuwa amekwisha kutoa agizo kama vile ni la kila mtu. Na «wanaombwa» imeondoka: agizo linamlenga yule anayetazama.

Mahali penye hatari kubwa ni maji ya sukari na chumvi. Kipimo kinajulikana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mzungumzaji wengi hupenda kushika chupa na kusema «mnatia hivi, halafu hivi» huku akiendelea kuongea. Anayesikia anaweza kutazama chupa na kusikiliza pamoja. Kiziwi ana macho tu. Akitazama chupa, mikono ya mkalimani imempita. Akitazama mikono, hakuona kijiko. Na yule atakayechanganya hesabu, akatia vijiko 6 vya chumvi, anaweza kumdhuru mtoto vibaya sana.

Kwa hiyo katika karatasi iandikwe kwa kalamu nyekundu: sema, nyamaza, onyesha, ngoja macho yarudi kwa mkalimani, endelea. Kila hesabu iwe na sentensi yake. «Sukari: vijiko 6.» Kimya. «Chumvi: nusu ya kijiko.» Kimya. Na hesabu hizo ziandikwe kwa herufi kubwa juu ya kibao, zibaki pale hadi mwisho.

Wako watakaosema kwamba tangazo la dharura halina muda. Lakini kolera si mgeni katika jimbo hili, na sehemu kubwa ya maneno yake ni yale yale kila mara. Karatasi inaweza kuandikwa mapema, ikabaki nafasi ya mahali na tarehe. Siku ya tangazo mkalimani apewe karatasi hiyo saa moja kabla, ili aulize kama mahali fulani pana alama ambayo viziwi wa hapa wanaitumia tayari. Kwa maneno ya dawa na ya ugonjwa, jina la Kifaransa liwekwe pembeni. Lugha ya alama ya shule zetu ina mizizi katika ile iliyoletwa Afrika na Andrew Foster, kiziwi Mwamerika aliyeanza kazi yake Ghana mwaka 1957, na kwetu ilifundishwa pamoja na Kifaransa. Mwanafunzi wa shule hizo anatambua neno hilo likiandikwa kwa vidole.

Hata hivyo, karatasi nzuri haimfikii kila mtu. Kiziwi ambaye hakukanyaga shule anatumia ishara za nyumbani kwao, wala herufi za vidole hazimwambii kitu. Kwa huyo anahitajika kiziwi mwenzake, aliyezoea kuongea na watu wa namna hiyo, apokee ujumbe kwa mkalimani na kuurudia kwa vitendo. Hilo nalo linaongeza muda, na karatasi lazima iuachie nafasi.

Je, itajulikanaje kwamba karatasi ni nzuri? Kumuuliza kiziwi «umeelewa?» hakutoshi, maana atatikisa kichwa kwa heshima. Aalikwe mmoja ambaye hajaiona, atazame mkalimani mara moja. Kisha awekewe mezani chupa ya lita moja, sukari, chumvi na kijiko. Akikosea kipimo, mwandishi arudi kwenye karatasi yake kabla ya kumlaumu mkalimani.