Staa, Hapo kwenye Kepsheni Umejitukana Mwenyewe!

Jamani wadau, hivi nani anawapa mastaa wetu methali? Juzi mmoja, jina kapuni, kafikisha wafuasi milioni moja. Gauni kali, keki ya ghorofa tatu, halafu kepsheni: "Mgema akisifiwa..." na emoji za tembo wawili. Mashabiki wakamwaga makopakopa, eti ukisifiwa ndiyo unazidi kung'ara. Thubutu!

Methali yenyewe inamalizika hivi: "tembo hulitia maji." Mgema ni yule jamaa anayepanda mnazi na kukinga utomvu unaogeuka kuwa pombe, na pombe hiyo ndiyo inaitwa tembo. Akisikia wateja wanamsifia, kichwa kinavimba, anaichakachua kwa maji. Kwa hiyo dada yetu kasimama mbele ya watu milioni akawaambia: mmenisifia, sasa nitaanza kuharibu. Zile nukta tatu nazo hazimwokoi, maana Mswahili ukimkatia methali njiani anaimalizia kichwani.

Na huyo mnyama mwenye mkonga katokea wapi? Angalia "li" iliyomo ndani ya "hulitia". Hiyo ni ya tembo la kunywa. Angekuwa ndovu tungesema "humtia maji". Herufi mbili tu zingemzuia kuweka zile emoji.

Najua timu yake watakuja na ile ngonjera ya "lugha inakua, kila mtu na tafsiri yake". Sawa, lakini mtaani methali hii bado ni kijembe. Mama ntilie akisifiwa pilau leo, kesho nyama ikapungua kwenye sahani, lazima mteja mmoja aitamke. Huwezi kujirushia kijembe halafu ukaomba laiki.

Kama ni kushukuru kwa milioni, "haba na haba hujaza kibaba" ilikuwepo. Kibaba ni kipimo cha nafaka, kinajaa kidogo kidogo, kama wafuasi wanavyoingia mmoja mmoja.

Mwingine yeye kakimbia methali iliyomfaa kabisa. Kahamia kwenye nyumba yake mpya, kaandika "mchumia juani hucheka kivulini", kwa kuogopa kwamba "hulia" ni kutoa machozi. Kaka, hiyo "hulia" inatokana na kula! Ndiyo ile ile ya "chumba cha kulia", na humo ndani kwako kipo, tumekiona kwenye video. Aliyehangaika juani anakuja kulia chakula chake kivulini, ametulia. Rudisha neno lako.

Kabla hujaposti, andika methali yote mpaka mwisho, kisha jiulize: huyu anayesemwa humu anasifiwa au anasutwa? Kama anasutwa, usijiweke wewe kwenye picha. Dada wa milioni hakujiuliza, na mpaka naandika hapa wale tembo wawili bado wapo.