Wizi wa data za wateja: gazeti litoe habari, lisitoe watu

Faili ya wateja wa banki au wa kampuni ya simu ikiibiwa, wenye data wana haki ya kujua. Kampuni nyingi hupenda kunyamaza, na mara nyingi gazeti ndilo la kwanza kuwaambia wateja ukweli. Lakini muandishi wa habari anayetangaza picha ya faili hiyo ili aaminiwe anaendeleza kazi ambayo mwizi alianza. Kanuni inayofaa ni hii: aina zote za data zilizoibiwa zitangazwe, lakini mstari wa mtu hata mmoja usitangazwe.

Mambo yaliyotokea Australia yanaonyesha sababu. Tarehe 22 Septemba 2022, kampuni ya simu Optus ilitangaza kwamba imeibiwa data za wateja wake wa sasa na wa zamani. Watu walioguswa walifikia hadi milioni 9.8. Mtu aliyejitambulisha kama mwizi aliomba dola milioni moja za Marekani, na siku chache baadaye akamwaga hadharani mistari ya watu kama 10,200. Siku hiyohiyo akaiondoa na kuomba radhi. Ilikuwa kuchelewa. Kijana mmoja wa Sydney, mwenye miaka 19, ambaye hakuiba chochote kwa Optus, alichukua mistari hiyo na kutuma mesaji kwa watu 93. Alimuomba kila mmoja dola 2,000 za Australia, la sivyo data zake zingetumiwa kwa uhalifu. Hakuna aliyelipa, na kijana akafikishwa mbele ya sheria. Funzo ni kwamba data iliyokaa hadharani kwa saa chache inatosha kumpa kazi mwizi wa pili.

Lakini kisa hicho kina upande mwingine. Walioichunguza mistari ile, wakiwemo waandishi wa habari, waliona namba za kadi ya matibabu ya serikali, ambazo kampuni ilikuwa haijawaambia wateja. Baada ya habari hiyo kutoka, Optus ilikubali kwamba karibu kadi 15,000 zilizokuwa bado zinatumika ziliguswa. Ili kusema hivyo, hakuna aliyehitaji kuonyesha namba ya kadi hata moja. Ilitosha kusema: ndani ya faili kuna namba za kadi ya matibabu.

Kwetu Kongo, mzigo ni mzito zaidi, kwa sababu namba ya simu ndiyo namba ya konti. Tangu banki za Goma zifunge milango Januari 2025, wakaaji wengi hupokea mshahara na msaada wa ndugu kwa simu. Faili inayoonyesha nani alimtumia nani pesa, kiasi gani na siku gani, inamwambia mnyang'anyi nyumba ya kwenda usiku. Inaweza pia kumletea mtu mashaka kwa sababu tu ndugu yake anaishi upande wa pili wa mstari wa vita.

Tuseme muandishi wa Bukavu anapokea kwa WhatsApp faili ya mistari elfu arobaini, na mtu anamwambia imetoka kwenye kampuni ya simu. Hatari ya kwanza iko hapo hapo. Simu inaweza kuihifadhi faili yenyewe, na nakala nyingine ikapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akiipeleka kwenye kikundi cha redaksheni chenye watu kumi na watano, tayari kuna simu kumi na tano za kuibiwa au kupekuliwa barabarani. Faili ikae kwenye ordinateri moja yenye neno la siri, isiyounganishwa na mtandao, na waione watu wawili tu: muandishi na mkubwa wake. Nakala ya simu ifutwe, hata ile ya kwenye hifadhi.

Kisha inabaki kuhakikisha kwamba faili ni ya kweli. Wengi hukosea hapa kwa kupigia simu watu wa kwenye faili na kuwasomea majina na tarehe za kuzaliwa. Mteja hawezi kutofautisha simu hiyo na ya tapeli, na katika familia nyingi simu hupokewa na yeyote aliye karibu nayo. Njia salama ni kuanza na watu wanaojulikana. Muandishi anawauliza wenzake na jamaa zake walio wateja wa kampuni hiyo kama wanakubali namba zao zitafutwe. Wanaopatikana wanaonyeshwa mstari wao wenyewe tu, uso kwa uso, nao wanasema kama siku ya kuandikisha kadi ya simu na namba ya kadi ya mpigaji kura ni sawa. Watu sita wakipata mistari yao bila kosa, hiyo ni dalili nzuri. Bado aangalie kama si faili ya zamani inayouzwa upya: tarehe ya mwisho iliyo ndani ndiyo itasema. Jambo moja asilifanye kamwe, hata kwa kujaribu: kuingia kwenye konti ya mtu kwa kutumia data hizo.

Kampuni inaulizwa kabla ya kutangaza, lakini haitumiwi faili kwa imeli. Inaelezwa idadi ya mistari, majina ya safu na tarehe ya mwisho. Inaulizwa pia kama tundu limezibwa. Kama bado liko wazi, habari inaweza kutoka, ila bila kueleza mwizi alipitia wapi. Kampuni ikikataa kujibu, gazeti liandike kwamba imekataa. Kulinda wateja kusigeuke kisingizio cha kufunika aibu ya kampuni.

Wakubwa wengine wa magazeti husema bila picha msomaji hataamini. Lakini picha iliyofifishwa si kinga. Mara nyingine maandishi yaliyofifishwa yanaweza kusomwa tena, na mstari mweusi uliowekwa juu ya maandishi ya dokima unaweza kuondolewa. Hata herufi za kwanza za jina hazitoshi: ukiandika mwalimu fulani wa Kadutu, miaka 34, aliyepokea dola 600 siku ya Jumanne, avenyi yake yote imeshamtambua. Ushahidi uko kwenye maelezo: mistari mingapi, safu zipi, hadi tarehe gani, na watu wangapi waliokubali mistari yao ithibitishwe. Jina la mahali faili inapouzwa pia linabaki nje, kwa sababu kulitaja ni kuelekeza wanunuzi.

Nafasi inayobaki ni ya mteja. Aambiwe kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiwezi. Namba ya siri hubadilishwa kwa dakika moja. Jina na tarehe ya kuzaliwa hubaki vilevile, na mwizi atavitumia hata mwaka ujao. Kwa hiyo onyo lenye faida kuliko yote ni hili: mtu akipiga simu, akataja jina lako kamili, siku uliyozaliwa na pesa ulizopokea juzi, hayo yote hayaonyeshi kwamba ni mfanyakazi wa kampuni. Baada ya wizi kama huu, tapeli naye anayajua. Akiomba namba ya siri, kata simu.